Wimbo wa kuhesabu samaki unawafundisha watoto kukosea, na hakuna aliyeukagua!

Jahazi_Sahare:
Wakuu, hiki kipindi cha katuni cha Bi Kasa, Zuhura na Tumbili kimenichefua. Sehemu ya juzi wametamka wenyewe mwanzoni kwamba lengo ni moja tu: mtoto wa miaka minne ahesabu vitu vitano, kisha aseme viko vingapi. Halafu wimbo wao wenyewe unaliua lengo hilo.

Tazameni pale ufukweni, samaki watano wamepangwa kwenye ungo. Wanapiga kofi kwa kila silabi, na kila kofi linapolia samaki mmoja anang'aa. Sasa namba zetu, moja hadi kumi, zote zina silabi mbili. Kwa hiyo "mo" anang'aa samaki wa kwanza, "ja" wa pili, "mbi" wa tatu, "li" wa nne, "ta" wa tano. Samaki wameisha na hata "tatu" haijamalizika kutamkwa! Ile "tu" inarudi kwa samaki wa kwanza, mwanga unazunguka tena, na "no" ya "tano" inaangukia samaki wa mwisho. Nadhani hapo ndipo wahariri walipodanganyika. Ukitazama mwanzo na mwisho tu, kila kitu kimekaa sawa.

Mtoto anayefuata kwa kidole anajifunza kugusa samaki wawili kwa namba moja. Mwekeeni vifuniko vitano vya chupa mtoto aliyeushika wimbo huo, muone kama havitamwishia kwenye "tatu".

Na la pili. Bi Kasa anauliza, "Samaki wangapi?" Tumbili anadakia "Saba!", wote wanacheka, wimbo unaanza tena. Jibu sahihi halitajwi popote. Tumbili kukosea ni kawaida yake, sina ugomvi, lakini sehemu zote zilizopita Zuhura alikuwa anawageukia watoto wamsahihishe. Safari hii wamemsahau. Ovyo kabisa.

Mama_Chumbageni:
Mbona unakuza mambo? Watoto wanatulia kimya mwanzo mwisho na wimbo wanaujua wote. Labda kasi ndiyo kubwa, wapunguze basi.

Jahazi_Sahare:
Dada, kujua wimbo si kuhesabu. Mtoto anaweza kuimba hadi ishirini na asijue kwenye ungo kuna samaki wangapi. Na kasi ukiipunguza hata kwa nusu, makofi bado ni mawili kwa namba. Atakosea polepole, basi.

Baba_Pongwe:
Huku kwetu Pongwe hiyo chaneli inakatakata tangu mvua zianze. Antena niielekeze wapi?

Fundi_Sauti:
Pongwe, fungua uzi wako 😂

Mleta mada yuko sahihi, na dawa yake si ngumu. Mdundo ni kama 120 kwa dakika, kwa hiyo kila namba inachukua sekunde moja. Hiyo inamtosha mtoto kusogeza kidole. Kinachotakiwa ni kunyamazisha kofi la silabi ya pili na kuacha la kwanza tu. Kama makofi yalirekodiwa peke yake, ni kazi ya mchana mmoja. Kama yamechanganywa na sauti za waimbaji, itabidi waimbe upya.

Picha nayo lazima iguswe, msije mkarekebisha sauti mkaacha mwanga unarukaruka. Samaki ang'ae kwenye "mo" na abaki anang'aa mpaka "mbi" ianze. Baada ya swali, muziki ushuke, Zuhura atazame mbele kimya kwa sekunde nne hivi, ndipo aseme "watano". Kimya hicho mhariri ataona kama hitilafu atamani kukikata. Asikikate, ndiyo nafasi ya mtoto kujibu.

Mwl_Ngamiani:
Nyote mmeruka jambo. Wimbo unasema "mbili", Bi Kasa anasema "samaki wawili". Kwa mtoto anayeanza, hayo ni maneno mawili ya kushika kwenye kipindi chenye lengo moja. Wangeweka nazi: nazi mbili, nazi tatu, nazi tano, neno halibadiliki.

Na mkimpima mtoto msimwambie aimbe. Akishahesabu, muulizeni "ngapi?" Akianza tena "moja, mbili…" badala ya kusema "tano", bado hajafika.

Mama_Chumbageni:
Hilo la nazi silikubali, mwalimu. Mtoto wa Tanga anasikia "samaki wawili" sokoni kila siku. Tukimfichia Kiswahili chake atakijulia wapi?

Mwl_Ngamiani:
Simfichii. Wawili na watatu wapewe sehemu yao wiki nyingine.

Fundi_Sauti:
Makofi yanarekebishika. Samaki kuwa nazi ni kuchora upya ungo wote, na mikono ya Bi Kasa juu. Hapo sidhani kama watawasikiliza.

Jahazi_Sahare:
Waanze na makofi. Na Tumbili asahihishwe!