Kuandika nia mwezi mpya na kuchoma karatasi mwezi mpevu: ni mila yetu kweli?

Binti wa Ubungo:
Jamani naombeni msaada. Dada mmoja kazini ana kikundi cha wasap, mwezi mpya ukifika wanaandika nia zao kwenye karatasi, mwezi mpevu wanachoma yale wanayotaka yawaondoke. Anasema hii ni mila ya wahenga wetu Waafrika tulioisahau. Ni kweli? Imetoka wapi hasa? Nimekaribishwa ila sijajibu.

Mwanga wa Ndani:
Karibu sana mdogo wangu, mi nafanya mwaka wa pili sasa. Mwezi unavuta bahari yote ile na mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji, sasa utasemaje hautuvuti na sisi? Mwezi mpya unavuta nia ndani, mwezi mpevu unatoa. Wahenga walijua haya kabla ya sayansi.

Mama Mkokotoni:
Nyie watoto mimi nimezaliwa pwani na mwezi ndio kalenda yangu tangu nimepata akili. Mwezi ukiandama, siku moja mbili baadae ni bamvua, maji yanatoka mpaka mwamba wote unabaki wazi, saa nne asubuhi tunashuka na fimbo za chuma kutafuta pweza kwenye mapango, tunakaa mpaka maji yanaanza kurudi. Mwezi mpevu bamvua tena, hivyo hivyo. Katikati hapo ni maji mafu, hayatoki vya kutosha, mtu unabaki nyumbani unasuka ukili. Hiyo ndo mila ya mwezi niliyoachiwa na mama yangu. Karatasi sikuachiwa.

Mzee wa Boriti:
Kuhusu mwezi na miti naomba nichangie. Marehemu babu alikuwa hakati boriti mwezi ukiwa mkubwa, anasubiri giza, anasema ukikata wakati wa mbalamwezi dumuzi anaingia mwaka huohuo. Mi nimejenga banda kwa miti ya giza, mwaka wa 9 huu imesimama.

Binti wa Ubungo:
Shikamoo mzee, asante, ila mi nauliza kuhusu kuandika nia sio kujenga 🙏

Msoma Usiku:
Dada wa Ubungo, nimelifuatilia hili miaka kadhaa kwasababu nilikuwa ndani yake, kwahiyo vumilia nitaandika kirefu. Hiyo ibada kwa sura uliyoitaja haikutoka Afrika. Uzi wake unashikika. Mwaka 1899 Mmarekani mmoja aliyekuwa anaishi Florence, Charles Leland, alichapisha kitabu alichosema kina mafundisho ya wachawi wa Toscana aliyopewa na mwanamke wa huko, na ndani yake kuna agizo kwamba mara moja kwa mwezi, mwezi ukiwa mpevu, wafuasi wakutane mahali pasipo watu. Kama kweli ilikuwa mila ya wakulima wa Italia au sehemu kubwa aliitunga yeye au yule mama, wasomi wanabishana mpaka leo. Alafu Uingereza ikafuta sheria yake ya uchawi mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner, mstaafu aliyewahi kuwa ofisa wa forodha Malaya, akachapisha kitabu kuhusu dini ya uchawi iliyokuja kuitwa Wicca. Agizo la kukutana mwezi mpevu likaingia humo.

Ile ya kupanda nia kama mbegu ni mkono mwingine. Dane Rudhyar, mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani, mnajimu na mtunzi wa muziki, alitoa kitabu mwaka 1967 akaugawa mzunguko wa mwezi vipande 8, mwezi mpya ni mbegu, mpevu ni pale jambo linapofunuka na kuonekana. Wanajimu waliofuata wakarahisisha, mitandao ikarahisisha zaidi. Na angalia hapa, kwenye Wicca kazi ya kuondoa kitu inafanywa mwezi ukiwa unapungua, sio siku ya mwezi mpevu, maana mpevu ndio kilele. Kwahiyo ile ya kuchoma siku ya mwezi mpevu haifuati hata vyanzo vyake yenyewe.

Mwanga wa Ndani:
Sawa kaka umesoma, ila Wazungu walichukua vitu vingi kwetu. Na hujajibu la maji.

Msoma Usiku:
La maji nalijibu. Bahari inapanda kwasababu upande wa dunia ulio karibu na mwezi unavutwa zaidi kuliko ulio mbali, na dunia ina upana wa kilomita kama 12,700, hapo tofauti inakuwa kubwa. Kwa mwili wa mtu wa mita moja na nusu hiyo tofauti ni kama haipo. Ziwa Victoria lenyewe pamoja na ukubwa wake halina kupwa na kujaa unakoweza kukuona kwa macho, sembuse mimi na wewe. Alafu msikilize mama wa Mkokotoni, bamvua inakuja mwezi mpya NA mwezi mpevu, ni nguvu ileile. Sasa kama ni mvuto, kwanini mmoja uwe wa kuanza na mwingine wa kuachilia?

Dagaa Mwanza:
Kweli kabisa huku ziwani maji hayapwi. Ila mwezi unatupangia maisha. Tunavua kwa taa, giza dagaa wanaifuata taa, mbalamwezi ikitoka wanatawanyika, unachoma betri bure. Kwahiyo siku za mwezi mpevu tunapumzika, tunashona nyavu, watu wanaenda kwao kusalimia. Ukiniuliza mila ni kupumzika kule, ila sababu ni taa.

Ustadhi Mdogo:
Mi naongeza moja. Mnasema mwezi mpya, upi? Kalenda ya simu inahesabu pale mwezi unapokuwa upande wa jua, hauonekani kabisa. Sisi mwezi ni mpaka uandame, uonekane. Mfano Machi 2024, mwezi mpya wa kwenye simu ulikuwa Jumapili tarehe 10 saa sita mchana saa za kwetu. Jioni ile ulikuwa na masaa kama sita na kitu tu, hauwezi kuonekana huku. Saudia walifunga Jumatatu, Tanzania na Kenya tulio wengi tukafunga Jumanne tarehe 12. Wazee wa pwani walihesabu kwa kuandama, mfungo mosi, mfungo pili, mpaka Maulidi mfungo sita. Kwahiyo anayeandika nia Jumapili ile akasema anafuata wahenga, wahenga walikuwa bado hawajaanza kuhesabu. Na mwezi ukionekana kuna dua yake, na tarehe 13, 14 na 15 kuna funga ya sunna. Hivyo tunavyo tayari.

Mwanga wa Ndani:
Hilo la siku kweli sikulijua, mi nafuata simu. Ila Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa, Wabudha wanaenda hekaluni toka enzi na enzi. Hao nao wametungiwa na Leland?

Msoma Usiku:
Hapana, na hapo uko sahihi. Mayahudi nao wana siku yao ya mwezi mwandamo toka zama za Biblia. Watu kuheshimu mwezi ni kale sana na kila mahali. Ninachokataa mimi ni kuchukua kitu cha juzi cha Ulaya na Marekani kukivika kanga na kukiita cha bibi yangu, wakati bibi yangu alikuwa na chake na hakuna anayemuuliza. Hilo linaniuma kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa pesa kwa mtu aliyeniuzia hii kama hekima ya mababu, na mama yangu aliyejua bamvua zote yupo chumba cha pili sikuwahi kumuuliza kitu.

Mwanga wa Ndani:
Nimekuelewa. Bado nitaandika, kukaa kimya mara moja kwa mwezi na kujiuliza nataka nini kumenisaidia kuacha deni za ovyo. Ila kwenye kikundi sitasema tena ni ya wahenga.

Mzee wa Boriti:
Na miti je? Hakuna aliyenijibu kuhusu dumuzi.

Mama Mkokotoni:
Binti wa Ubungo, ukipata likizo njoo huku bamvua. Uje na viatu vya kukanyagia mwamba, kuna miba ya bahari.

Binti wa Ubungo:
Shikamoo mama, nakuja. Naomba nijulishe mwezi ukiandama, nisiangalie simu.