Sensa, maabara au jedwali: nitumie namba ipi?

Mfereji_Mwaka2: Wakuu, habari. Nina sensa kina cha sm 30 kwenye mahindi, udongo tifutifu wenye mfinyanzi. Baada ya kumwagilia ilisoma 41%, siku ya pili 33%, ya tatu 31.5%. Natafuta maji ambayo mahindi yanaweza kuyatumia, kati ya kiwango cha juu, yaani unyevu unaobaki maji ya ziada yakishachujika, na kiwango cha kunyauka, ambapo mmea hauwezi tena kuyanyonya. Maabara imenipa kiwango cha kunyauka, 12%. Jedwali la kitabuni lina namba zake. Nikitoa 12 kwenye 31.5 napata 19.5%, yaani mm 117 kwa mizizi ya sm 60. Nimepatia?

Kipimo: Achana na sensa. Chukua zote mbili maabara, kiwango cha juu kwa mgandamizo wa kPa 33 na cha kunyauka kwa kPa 1500. Usichanganye vyanzo.

BibiUdongo: Kwa kunyauka nakubaliana na Kipimo, maana hatuwezi kungoja mahindi yafe ndipo tupime. Ila kwa kiwango cha juu, udongo uliopondwa na kuchekechwa umeshapoteza matundu yake makubwa, na tabaka za chini hazimo. Hapo naamini shamba. Jedwali ni la kuanzia tu. Mwanangu, hiyo 12% ni ya uzito au ya ujazo?

Mfereji_Mwaka2: Fomu inasema gramu kwa gramu 100 za udongo mkavu.

BibiUdongo: Basi umetoa vitu viwili tofauti. Sensa yako inasoma ujazo. Gongelea silinda ya sm³ 100 ardhini bila kuushindilia udongo, kausha tanurini nyuzi 105 kwa saa 24, kisha pima.

Mfereji_Mwaka2: Tulishapima, gramu 130.

BibiUdongo: Kwa hiyo 1.3. Zidisha: 12 × 1.3 = 15.6%. Kisha 31.5 − 15.6 = 15.9%, na kwa sm 60 ni mm 95, si 117. Kama unamwagilia nusu ikiisha na mahindi yanakunywa mm 5 kwa siku, ungechelewa siku mbili. Wakati wa kubeba mbelewele, siku hizo zinaonekana kwenye gunzi.

Mama_Nyanya: Mimi nina udongo wa kichanga na umwagiliaji wa matone. Nami ningoje siku tatu?

BibiUdongo: Hapana dada, kichanga huchuja haraka, mara nyingi siku moja yatosha. Usihesabu siku, tazama usiku. Mmea ukilala, kinachoshuka ni maji yanayochujika chini. Usiku mstari wa sensa ukilala na mchana ukashuka, umefika kiwango cha juu.

Mbuga_Nyeusi: Kwangu ni udongo mweusi wa mbuga. Sampuli ikikauka inasinyaa na kuachana na silinda. Nigawanye kwa ujazo upi?

BibiUdongo: Mimi hugawanya kwa ujazo wa sampuli ikiwa mbichi. Lakini nyufa zikifunguka, hesabu hiyo huwa inanikataa.

Kipimo: Hata kPa 33 kwenye mbuga sijaiamini bado.

Mfereji_Mwaka2: Nimefungua data za saa kwa saa. Usiku wa kwanza ilishuka kutoka 36 hadi 34. Usiku wa kuamkia siku ya tatu, 31.6 hadi 31.5.