Tupeane uzoefu: unamwombaje mteja aliyeridhika maneno mawili matatu ya ushuhuda bila kumpa kazi?

Msumeno (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza makabati ya jikoni na ya nguo. Mteja akifurahi namwandikia WhatsApp, "naomba ushuhuda wako kuhusu kazi yetu." Anajibu "sawa fundi, nitakuandikia", na imetoka hiyo. Hakuna anayekataa, ila hakuna anayeandika. Nahitaji maneno mafupi tu ya kuweka kwenye kipeperushi na Instagram. Wanaojua njia nyepesi karibuni.

Korosho
Ndugu, hapo umempa mtu insha. Hajui aandike mistari mingapi, aanzie wapi, wala maneno yake yatabandikwa wapi. Anaahirisha mpaka apate nafasi, na nafasi haipatikani. Usimwombe aandike. Mwombe ruhusa ya kutumia alichokwisha kukisema.

Chukulia mteja wa kabati la jikoni kakutumia hivi: "Fundi mambo, kabati safi kabisa. Droo hazigomi kama zile za mwanzo, na sufuria zangu zote zimeingia mpaka lile la pilau. Mume wangu kauliza bei mara mbili. Nipe na bei ya meza ya tivii." Ushuhuda umeshaupata, uko katikati. Mume mwache, meza ya tivii iache, na "safi kabisa" iache pia, maana kila fundi anaambiwa hivyo. Kisha mrudishie:

"Dada, asante kwa maneno yako ya jana. Naomba ruhusa niyaweke kwenye kipeperushi changu na Instagram hivi: 'Droo hazigomi kama zile za mwanzo, na sufuria zangu zote zimeingia mpaka lile la pilau.' Chini nitaandika 'Mama A., Tabata', bila namba wala picha. Ikiwa ni sawa nijibu SAWA. Kama kuna neno la kubadilisha, niambie. Na kama hupendi yatumike, hakuna shida kabisa."

Hapo kazi yake ni neno moja. Anaona maneno yenyewe, jina litakavyotokea na mahali yatakapokaa. Watu wengi hawaogopi kukusifia, wanaogopa kutojua watatokeaje mbele za watu. Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Mtu akiona anaweza kukataa bila kukukosea, anakubali kwa moyo mweupe.

Pasi ya Mkaa
Mnazunguka sana. Omba siku ileile unapokabidhi mzigo, furaha ikiwa bado ya moto, na mwahidi punguzo la asilimia 10 oda ijayo. Ataandika palepale.

Korosho
Siku ya kukabidhi inafaa kwa gauni la harusi au keki, kwa sababu majibu yanaonekana siku hiyohiyo. Kabati siku hiyo lina sura tu. Mteja hajajua kama bawaba zitalegea, kama mbao ya karibu na sinki itavimba kwa maji, kama droo itahimili uzito wa vyombo. Ukiomba siku hiyo utapata "limependeza sana", na neno hilo halimsaidii anayetaka kununua kabati. Subiri wiki mbili au tatu.

Kuhusu punguzo hapana. Msomaji akijua maneno yalinunuliwa hayana uzito tena. Na kama unataka maoni ya Google Maps, kanuni zao zinakataza kutoa punguzo au zawadi ili mtu akuandikie, na maoni ya namna hiyo yanaweza kuondolewa. Kule pia huwezi kubandika maneno ya mteja kwa niaba yake. Ni lazima aingie kwa akaunti yake mwenyewe. Hilo ni ombi zito zaidi, liombe peke yake siku nyingine. Ukiomba yote mawili kwa ujumbe mmoja, atayaweka yote kiporo.

Upepo wa Kusi
Na mteja akikuandikia vibaya hadharani unamfanyaje? Kuna mmoja kaniharibia ukurasa wangu wa viatu, nataka nimzibe na sifa za wengine.

Chungu Kikubwa
Upepo, hapa tunaongelea walioridhika. Huyo mjibu kwanza tatizo lake, halafu fungua uzi wako tukusaidie.

Korosho, mimi ni wa vyakula vya sherehe. Wateja wangu hawaandiki kabisa, wanatuma sauti ya dakika mbili, nusu yake salamu. Unaigeuzaje?

Korosho
Isikilize mpaka mwisho, chagua sentensi moja au mbili zenye kitu cha kuonekana, mfano "wageni wa meza za mwisho nao walikuta nyama". Ziandike vilevile alivyosema, mtumie kwa maandishi, subiri SAWA. Sauti yenyewe usiirushe stetasi. Aliyekubali maandishi hajakubali sauti yake isikike.

Msumeno
Nimeelewa. Sasa asiyesema chochote? Kachukua kabati, kalipa, kimya.

Korosho
Muulize swali moja kuhusu kitu chake, si kuhusu wewe. "Umeionaje kazi?" huleta "nzuri sana", na mazungumzo yameishia hapo. Lakini "Ile droo ya chini ya vijiko, sasa inafunguka vipi?" huleta habari.

Lenye nguvu kuliko yote ni hili: "Kabla hujanipa advansi, ulikuwa na wasiwasi gani?" Akijibu "niliogopa utanizungusha kama fundi wa kwanza, ila ulileta Jumamosi uliyosema", usitafute zaidi. Mteja mpya ana hofu hiyohiyo kichwani anaposoma kipeperushi chako. Ila swali hili muulize mliyezoeana naye. Mgeni atadhani unamchunguza.

Bandari
Niongeze upande wa ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya wana yao ya 2019. Jina na namba ya mtu ni taarifa zake. Ule ujumbe wa SAWA uwekee nyota usipotee, na siku akisema uondoe, ondoa. Wengi wanaharibu kwenye skrinshoti: wanafuta jina juu, wanasahau picha ya mteja pembeni, au namba ya M-Pesa aliyoiandika katikati ya maongezi.

Pasi ya Mkaa
Sawa, la punguzo nimelipokea. Lakini mzee asiyependa kuchapa simu, kwa nini nisimwandikie mimi mwenyewe ushuhuda mzuri, yeye akubali tu?

Korosho
Kwa sababu utaandika kama wewe. Weka shuhuda tano za namna hiyo pamoja uone, wote watakuwa wanasema "huduma bora na kwa wakati". Mzee mpigie, muulize, andika aliyoyasema, msomee.

Chungu Kikubwa
Hapo mimi na Korosho hatukubaliani sana. Kuna wateja, hasa wa maofisini, wanaokuambia wenyewe "andika nitasaini". Ukiwalazimisha waseme, unawachosha. Nadhani ukiandika kutokana na mambo yaliyotokea kweli, idadi ya sahani na saa chakula kilipofika, na yeye akasoma na kurekebisha, si vibaya.

Korosho
Akirekebisha kweli, sawa. Wengi hawasomi, wanajibu "poa".

Msumeno
Na makosa ya herufi? Wateja wangu wanaandika "dlo hazgomi".

Bandari
Herufi nyoosha, maneno usiguse. Akisema "hazigomi" usimgeuzie "zinafanya kazi kwa ufanisi". Na asipojibu, kumbusha mara moja tu baada ya siku nne au tano. Akikaa kimya tena, usiyatumie. Kimya si ruhusa.