Lebo inasema haileti mzio wala haizibi vinyweleo: nani kapima?

Mkata_Lebo
Wakuu, haya yameandikwa kwenye losheni ya uso iliyotoka nje. Jina la kampuni naliacha, maana mchezo huu ni wa wengi.

```
Hypoallergenic. Non-comedogenic.
Ingredients: Aqua, Glycerin, Isopropyl Myristate,
Cetearyl Alcohol, Glyceryl Stearate, PEG-100 Stearate,
Phenoxyethanol, Parfum, Aloe Barbadensis Leaf Juice,
Linalool, Limonene
```

Neno la kwanza linadai mzio ni mdogo. Mdogo kuliko wa losheni ipi? Marekani, mwaka 1975, FDA, mamlaka ya chakula na dawa, iliweka kanuni: ukitaka kuandika neno hilo, pima kwanza kwa watu, uonyeshe kwamba bidhaa yako inawasumbua wachache kuliko zinazofanana nayo. Watengenezaji wakakimbilia mahakamani, na 1977 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni. Tangu hapo kule neno hilo halina kipimo cha kisheria, kila kampuni inalipa maana inayoitaka. Ndiyo maana hapo nyuma manukato, yaani `Parfum`, `Linalool` na `Limonene`, yamejaa tele na mbele wanatuchekea!

Bi_Ngozi
Mbona jibu liko wazi? Ina alkoholi, kiambato cha nne, na alkoholi hukausha ngozi. Halafu isopropili miristeti kwenye orodha za kuziba vinyweleo imepewa 5, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa. Losheni hiyo lazima ilete chunusi.

Fundi_Krimu
Dada, umepatia nusu. Hiyo alkoholi ya nne ni ya mafuta, kitu kigumu kama nta kinachoifanya krimu iwe nzito na kulainisha ngozi. Inayokausha huandikwa `Alcohol Denat.`, na ina madhara hayo ikiwa juu kwenye orodha.

Kuhusu ile 5, alama hizo zilianzia kwenye masikio ya sungura. Kiambato kilipakwa ndani ya sikio siku baada ya siku, kisha vinyweleo vikatazamwa kwa hadubini. Sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa mtu, na mara nyingi kiambato kilipimwa kwa kiwango kikubwa kuliko kinachowekwa kwenye losheni. Kwa hiyo alama ni ya kiambato, haikuambii losheni nzima itafanya nini. Hata hivyo hapa kipo nafasi ya tatu, si tone. Mwenye chunusi asikipuuze.

Mkata_Lebo
Sawa, mkuu. Ila tutajuaje kipi ni tone na kipi si tone?

Fundi_Krimu
Tafuta fenoksiethanoli. Ni kihifadhi, na Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Viambato vinavyozidi asilimia 1 lazima vipangwe kuanzia kingi hadi kichache, lakini vilivyo chini ya hapo mtengenezaji huvipanga apendavyo. Kwa hiyo vyote vinavyokuja baada ya kihifadhi hicho havizidi asilimia 1, hata huo mshubiri wanaouchora mbele ya kopo. Usiligeuze hilo lakini: kilichotangulia nacho chaweza kuwa chini ya asilimia 1.

Udogo huo haumwokoi mwenye mzio. Ulaya, linaloli lazima itajwe ikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa inayobaki ngozini. Marekani mara nyingi utakuta neno moja tu la manukato, yaliyomo ndani yake usiyaone. Basi orodha fupi inaweza kuwa imeficha tu.

Mama_Pacha
Mimi sabuni ya watoto wangu haina hata neno la manukato, imeandikwa `Unscented`, na bado mikono inaniwasha. Basi nimepona linaloli?

Fundi_Krimu
Hapana, mama. Neno hilo linasema harufu haisikiki. Manukato yanaweza kuwekwa kuficha harufu ya mafuta yenyewe. Tafuta `Fragrance-free`, kisha bado usome nyuma. Ila mikono inayoosha mara nyingi huweza kuwashwa na sabuni yenyewe bila mzio wowote. Daktari wa ngozi atatofautisha kwa kipimo cha vibandiko mgongoni.

Bi_Ngozi
Kwani si unapaka nyuma ya sikio usiku mmoja, asubuhi unajua?

Fundi_Krimu
Usiku mmoja hautoshi, mzio wa manukato huchelewa. Paka sehemu ndogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10, kwa wingi uleule utakaopaka usoni. Pakiwa pekundu au pakiwasha, osha uache. Na linaloli ikikaa wazi hewani huoza polepole kuwa kitu kinacholeta mzio zaidi, kwa hiyo kopo lililofunguliwa zamani linaweza kukuwasha hata kama jipya halikukuwasha.

Mkata_Lebo
Na chunusi je? Kiwiko hakina chunusi.

Fundi_Krimu
Hapo kiwiko hakisaidii. Vinyweleo huziba taratibu, kwa wiki kadhaa. Paka upande mmoja wa taya tu, ulinganishe na mwingine, na usiongeze bidhaa nyingine mpya kipindi hicho.

Mkata_Lebo
Yaani kipimo walichosema wamefanya tukifanye wenyewe, kwenye taya zetu. Aliyewahi kujibiwa na kampuni alipoomba matokeo yao ya majaribio ayaweke hapa, na idadi ya watu waliopimwa.