Grafu ya ln A inalala mwishoni, naomba ushauri

Wasee mambo, niko Kisumu kwa maabara napima vile kristal vayolet inapotea rangi ndani ya NaOH. Nimechanganya nusu kwa nusu, NaOH ya chupa ni 0.04 M yaani kwa kuveti imebaki 0.02, inashinda rangi kama mara elfu mbili kwa hivyo ni kama haipungui. Nasoma 590 nm, ln A na dakika imenyooka vizuri, slopu -0.24, alafu kutoka dakika ya kumi hivi inalala tu. Kesho yake kuveti ileile bado inasoma 0.03 na mimi naona maji tupu!

Nitoe hiyo 0.03 kwa kila A kabla ya kuchukua ln, ama nikate pointi za mwisho? Na k nagawanya 0.24 kwa 0.02 sindio, napata 12 kwa M kwa dakika, jamaa yangu anasema nitumie 0.04 ya chupa.