Alivuka nje ya zebra akagongwa: hana chake kabisa?

Kijana wa Uyole: Mdogo wangu kagongwa na Hiace hapa Uyole, saa moja jioni. Alivuka hatua chache kando ya zebra, simu mkononi. Mguu umevunjika. Dereva alikuwa mbio, alama za breki zipo. Watu wa bima wanasema hana madai kwa sababu naye ana kosa. Ni kweli?

Masafa Marefu: Kweli tupu. Zebra ipo, kaikwepa. Nimeendesha lori Tunduma–Dar miaka 19. Watu wa Mbeya mnavuka barabara kuu kama mnaruka matuta ya viazi.

Mama Isyesye: Matuta ya viazi? Hivyo viazi ndivyo unavyobeba kwenda Dar ukalishe wanao! Mwanangu wa miaka 7 aligongwa Mafiati, dereva akasema maneno hayohayo, mtoto kaingia barabarani mwenyewe. Mnatugonga halafu mnatutukana.

Masafa Marefu: Sijamtukana mtu, mama. Usiku mvua inanyesha, mtu kavaa nyeusi, utamwonaje?

Karani Mstaafu, Iringa: Kaka Masafa, hiyo ilikuwa sheria ya zamani: ukiwa na kosa hata dogo, unakosa vyote. Sasa Sura ya 310 ya sheria zetu inaruhusu mahakama igawe lawama. Kwanza inakadiria hasara nzima, kisha inapunguza fungu la lawama la aliyeumia. Mfano hasara ni milioni 10, kijana akaonekana ana asilimia 30. Analipwa milioni 7. Hakuna jedwali la asilimia. Hakimu anapima nani alizembea zaidi, na uzembe upi ndio uliosababisha madhara.

Kijana wa Uyole: Na simu?

Karani Mstaafu, Iringa: Anayedai kijana alizembea ndiye athibitishe. Kuwa na simu mkononi peke yake hakutoshi. Ionekane kwamba bila hiyo simu angeliona gari akasimama. Kwa hiyo ramani ya trafiki ni muhimu mno: breki zilianzia wapi, aligongewa wapi, zebra iko umbali gani. Kama alishakaribia kumaliza kuvuka, dereva alikuwa na nafasi ya kumwona. Na mama, mtoto wa miaka 7 hapimwi kwa akili ya mtu mzima.

Mama Isyesye: Ndaga, baba. Yangu yalitokea mwaka wa tano sasa.

Karani Mstaafu, Iringa: Madai ya namna hii yana miaka 3. Kwa mtoto hesabu huwa tofauti, mwone wakili upesi.

Masafa Marefu: Basi hiyo 30 ni ndogo. Mimi ningempa nusu. Zebra haikuchorwa kwa urembo.

Mama Isyesye: Wewe bado hujaomba radhi ya matuta.

Kijana wa Uyole: Mwenye gari anatoa laki 5 leo, anataka tusaini kwamba tumemalizana.

Karani Mstaafu, Iringa: Msisaini. Mguu haujapona, hamjui kama atahitaji chuma. Mkishaandika mmemalizana, atakishika hicho kikaratasi mahakamani. Ramani mmeiona?

Kijana wa Uyole: Bado. Kesho asubuhi naenda kituoni.