Tupeane uzoefu: hesabu ya hasara ya prosesa kubashiri tawi vibaya ilikushinda wapi?

Binti_Wandegeya: Habari zenu ndugu. Naanza na langu. Kwenye mtihani tuliambiwa asilimia 25 ya amri ni matawi, prosesa inabashiri sawa kwa asilimia 92, ikikosea inapoteza mizunguko 16, na bila makosa kila amri huchukua mzunguko 1. Programu inachelewa mara ngapi? Nikaandika 0.25 × 0.92 × 16, nikapata 3.68, nikajumlisha 1. Nilitoka chumbani nikiamini nimepata zote. Mpaka karatasi iliporudi ndipo nilipoona nimeitoza prosesa faini kila ilipobashiri vizuri.

Kijana wa Jinja: Pole dada. Ila mbona rahisi? Usahihi ni 92, basi hasara ni 8 kwa mia. Programu inachelewa kwa asilimia 8.

Fundi_Ntinda: Kijana, hiyo 8 ni sahihi lakini umeishia njiani. Ni makosa 8 katika matawi 100, si katika amri 100. Chukua amri 100 za swali la dada: matawi ni 25, yanayokosewa ni 2. Mawili tu! Lakini kila moja linamwaga mizunguko 16, jumla 32. Kazi iliyotakiwa kuisha kwa mizunguko 100 inaisha kwa 132. CPI, yaani wastani wa mizunguko kwa kila amri, inakuwa:

`CPI = 1 + 0.25 × 0.08 × 16 = 1.32`

Mimi ilinishinda hapo mwisho. Nilisema kasi imeshuka kwa asilimia 32. Sivyo. Muda umeongezeka kwa 32, kasi ni 1/1.32, yaani imeshuka kwa karibu 24. Soma swali linauliza kipi kabla hujaandika jibu.

Mama Ropani: Samahanini, nipo Arua, laptopu yangu inachukua dakika tatu kufungua karatasi ya hesabu za duka. Ni hayo matawi?

Fundi_Ntinda: Hapana mama. Kosa moja la tawi hupotea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na prosesa inakuwa na shughuli muda wote. Dakika tatu, tazama diski kwanza. Taa yake ikiwaka mfululizo huku prosesa imetulia, tatizo ni hilo.

Mkaguzi wa Kabale: Langu si la mtihani. Nilikuwa nachambua miamala milioni 10 ya chama chetu cha akiba na mikopo, natafuta inayozidi shilingi 50,000. Kitanzi kifupi, amri 5 kwa kila muamala, mbili kati yake ni matawi: la kurudia kitanzi na la `if`. Miamala ilikuwa imechanganyika, nusu juu, nusu chini. Nikapima:

```
perf stat -e instructions,cycles,branches,branch-misses ./chambua
```

Nilirudia kitanzi mara 100, kisha nikagawanya, ili kusoma faili kusichafue namba. Ikatoka mizunguko milioni 95, makosa asilimia 25. Nikashangaa, mbona `if` yangu ni ya kubahatisha, ingekosewa nusu kwa nusu? Kumbe asilimia hiyo ni ya matawi yote, na lile la kitanzi halikosewi karibu kamwe. Nikapanga miamala kwa kiasi, nikarudia: milioni 20. Kazi ile ile, amri zile zile.

Hapo ndipo mtu anaweza kupima faini ya mashine yake mwenyewe. Tofauti ni mizunguko milioni 75, makosa yaliyoondoka ni milioni 5, kila kosa 15. Na msingi wangu haukuwa 1, ulikuwa 0.4, yaani mizunguko milioni 20 kwa amri milioni 50, kwa sababu prosesa hufanya amri kadhaa kwa pamoja. Ukirudi kwenye fomula, 0.4 + 0.4 × 0.25 × 15 ni 1.9, ambapo 0.4 ya pili ni matawi mawili kati ya amri tano. Gawanya 1.9 kwa msingi 0.4, ni kuchelewa mara 4.75. Ningeweka msingi 1 ningepata 2.5 na kudanganyika.

Binti_Wandegeya: Kaka, kwa hiyo prosesa ikiwa nzuri zaidi, hasara ile ile inaonekana kubwa zaidi?

Mkaguzi wa Kabale: Ndiyo, kwa sababu unaigawa kwa kitu kidogo zaidi. Tahadhari moja: nilipokompaili kwa `-O3`, tofauti ikapotea kabisa. Kompaila iliondoa `if` yenyewe, kwa hiyo hata idadi ya matawi ya kuweka kwenye fomula ilibadilika.

Fundi_Ntinda: Mimi nimejaribu njia yako leo, napata 21, si 15. Lakini sharti langu linasoma thamani kutoka jedwali jingine, na huenda prosesa inasubiri kumbukumbu kabla ya kujua kama imekosea. Sasa hiyo 6 ya ziada niihesabu kama faini ya tawi au ya kumbukumbu?

Mkaguzi wa Kabale: Hapo nami nimekwama. Weka msimbo wako tuuone.